Umbo Lililobaki

Kabla ya kumfunika mtu, Mfunikaji alikuwa na desturi ya kumwomba radhi. Hakusema kwa sauti. Aliisema midomoni tu, "Samahani, kaka," au "Samahani, mama," kisha akasogeza kipanya cha kompyuta pembezoni mwa bega, akapanda shingoni, akazunguka kichwa, akashuka upande wa pili mpaka miguuni. Akibonyeza, mtu anatoweka. Panabaki ukuta, mlango, barabara, na katikati yake tundu la kijivu lenye umbo la mtu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake katika ofisi ya kutafuta jamaa waliopotea. Watu walileta picha zilizoingia kwenye simu zao bila maelezo: mtoto wangu huyu, mume wangu huyu, yuko wapi? Picha zikipita kwenye programu za ujumbe hupoteza taarifa za mahali na saa zilipopigwa, kwa hiyo mwenye kujibu alibaki kuwa picha yenyewe. Mfunikaji aliwafunika watu waliomo, akaipeleka meza ya pili kwa Darubini, naye Darubini akaisoma: nguzo za umeme, alama za barabarani, mapaa, udongo, milima. Kuwaona watu hakuruhusiwa mpaka awe ameandika jibu lake.

Kanuni hiyo aliitunga Darubini mwenyewe. Jina alipewa kwa miwani yake minene, lakini kilichomfanya atunge kanuni ni ngozi yake. Alikuwa mweupe, nywele za kulala, na alizaliwa mtaa wa nyuma ya ofisi ileile, kama baba yake na babu yake.

"Kila siku naulizwa nimetoka wapi," alimwambia Mfunikaji alipoanza kazi. "Nikijibu nimetoka nyumbani kunywa chai, wanacheka, halafu wananiuliza tena. Sasa mimi nikipotea, mtu akaleta picha yangu nimesimama hapo getini, mtanitafuta wapi? Si mtanivusha bahari nzima? Uso hauna anwani, mdogo wangu. Ngozi haina barabara. Na nguo ndiyo kabisa, nguo inasafiri hata bila mwenyewe."

Mfunikaji alicheka kwa kuinamisha kichwa, ndivyo alivyokuwa akicheka. Aliipenda kanuni ile. Aliona ina huruma.

Ila wale aliowafunika hawakumwacha. Akiwa ndani ya basi, abiria akisimama mlangoni jua likiwa nyuma yake, Mfunikaji aliona tundu la kijivu. Koti la baba yake likitundikwa nyuma ya mlango, moyo ulimruka. Alikuwa hajamweleza mtu. Angewaambia nini? Kwamba watu aliowafuta wanasimama mbele yake wakingoja awarudishie nyuso?

Kati ya wote, mmoja alisimama karibu zaidi. Huyo alikuwa mdogo wa dada mmoja, karani wa shule.

Dada huyo alikuja ofisini na picha moja kwenye simu. Mdogo wake wa kiume alikuwa ameondoka na wakala aliyeahidi kazi ya ghala huko ng'ambo, katika nchi za jangwa. Kimya kikapita. Kisha picha ikaingia kutoka namba ngeni, chini yake maneno mawili: *Nimefika salama.* Baada ya hapo ile namba haikupatikana tena. Kwenye picha, kijana alisimama katikati ya ua, amevaa joho jeupe refu na kitambaa cha kichwani kilichobanwa kwa kamba nyeusi. Nyuma yake, karibu na geti, alisimama mwanamume mweupe mwenye ndevu. Kijana hakutabasamu. Mikono yake ilining'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Mfunikaji aliwaomba radhi wote wawili, akawafunika kwa uangalifu, asikate hata ncha ya ukuta. Darubini akakaa na picha kutwa nzima, akaandika: *Ng'ambo, ukanda wa jangwa.* Mkuu wa ofisi, mama mwenye sauti nzito na haraka zisizokwisha, aliyeiona picha kamili, akagonga muhuri.

"Mimi nilijua tangu nilipomwona yule mweupe wa getini," alisema. "Sura ile si ya hapa."

Darubini alikuwa amesimama pale pale. Alivua miwani akaifuta, akairudisha.

Tangazo likatolewa, likabandikwa kwenye ukurasa wa ofisi na kwenye mbao za matangazo za vituo vya basi: *anaaminika yuko ng'ambo.* Utafutaji wa hapa nyumbani ukasimamishwa. Kilichobaki ni barua kwa ofisi ya wenzao huko, nayo ilikuwa imekwisha chapwa, ikingoja kutumwa.

Dada mtu alirudi asubuhi moja kuaga.

"Kuaga?" Mfunikaji aliuliza.

"Namfuata, mdogo wangu. Wakala amekubali kunichukua na mimi. Jumamosi anapitia nyumbani na gari lake."

"Wakala yule yule?"

"Si ndiye anayejua njia? Kama alimfikisha yeye, atanifikisha na mimi." Aliongea kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulia yote. "Mama yetu alinikabidhi huyu akiwa wa kubebwa mgongoni. Sasa nikae hapa nipige chapa ripoti za wanafunzi, yeye yuko jangwani?"

Mfunikaji aliacha kipanya. Alimsogezea kiti. Dada akaketi, macho yake yakaangukia mezani, juu ya nakala ya picha iliyofunikwa. Akaweka kidole juu ya tundu la kijivu, polepole, kama anayegusa jeraha la mtu.

"Joho lenyewe limemzidi," alisema. "Ona lilivyomwagika chini. Na hicho kitambaa chake cha kichwani."

"Lakini dada, hapo sijaacha joho. Nimelifunika lote."

"Umefunika nini na wakati liko hapo?" Dada alimtazama kwa mshangao. "Hata kipofu angeliona."

Mfunikaji akaitazama picha. Kwa mara ya kwanza aliitazama bila kukumbuka kilichokuwa chini ya kijivu. Dada alisema kweli. Alikuwa amelifuata pindo la vazi kwa uangalifu wake wote, kunjo kwa kunjo. Alikuwa amezunguka kitambaa kilivyodondokea mabegani na kamba ilivyobana kichwa. Rangi ilikuwa imekwenda, uso umekwenda, lakini umbo lilikuwa limebaki, na lilikuwa likisema kwa sauti kuu: *mimi ni mtu wa ng'ambo.* Darubini hakuonyeshwa nguo, alichorewa.

Alitaka kuinuka aende kwa Mkuu, lakini hakuinuka. Yeye alikuwa mtu wa kuomba radhi midomoni, hakuwa mtu wa kugonga milango. Na kama jibu lilikuwa sahihi hata hivyo? Umbo linaweza kusema kweli. Angewavuruga watu wazima bure, na barua ikachelewa, na kijana akaumia kwa sababu yake.

"Jumamosi saa ngapi, dada?" aliuliza.

"Mapema tu. Kwani vipi?"

"Usipande hilo gari kabla sijakupigia. Nakuomba."

Dada alipoondoka, alifungua picha upya. Safari hii hakumfuata mtu pembezoni. Aliikata picha vipande vitatu ambavyo ndani yake hapakuwa na mtu wala umbo la mtu. Kipande cha kwanza kilikuwa na mapaa mawili na madishi ya televisheni, cha pili nguzo ya umeme na tangi la maji juu ya mnara wake, na cha tatu mstari wa kilima uliochungulia juu ya ukuta. Akavibadilisha ukubwa, akavichanganya na vipande vya picha nyingine za mafaili mengine, akampelekea Darubini.

"Kazi gani hii, mbona imekatwakatwa kama mboga?" Darubini alilalamika.

"Nakuomba, kaka. Niambie tu ni wapi."

"Leo umeamka na ujasiri. Umekula nini?"

Alivipitia kimoja kimoja. Vingine alivisukuma pembeni, akisema havitoshi. Alipofika kwenye mapaa mawili, akasogea karibu na kioo mpaka miwani ikakigusa.

"Hapa ni karibu na ikweta," alisema.

Mfunikaji alishika ukingo wa meza. "Umejuaje?"

"Madishi. Ona hili kubwa la wavu, limelala chali kama bakuli linalongoja mvua. Satelaiti za televisheni zinaning'inia juu ya ikweta. Ukiwa chini yake, dishi linatazama utosini. Ukienda mbali kaskazini au kusini, linaanza kuinamisha uso." Alikuna kidevu. "Sasa, dishi lililoinama lisingeniambia kitu, maana huenda linatafuta satelaiti ya mbali upande wa pembeni. Na moja likiwa limelala ningesema limeanguka. Lakini haya ni mawili, nyumba mbili tofauti, yote yamelala sawasawa. Hayo hayakuanguka."

"Na nguzo?"

"Nguzo ya mti, ina kofia ya bati, vikombe vitatu vya kushikia nyaya vimepangwa hivi." Alifungua mkusanyo wake wa picha za nguzo za nchi mbalimbali, akashuka nao, akapandisha, akashuka tena. Kisha akacheka. "We mtoto, unanipima? Hizi ni zetu. Hapa ni hapa nyumbani."

"Una uhakika?"

"Uhakika wa nchi, ndiyo. Wa mtaa, nipe muda."

Mfunikaji alimwonyesha picha nzima, ile aliyoifunika yeye, na lile umbo limesimama katikati.

Darubini aliivuta picha karibu.

"Lile dishi niliona," alisema, sauti imeshuka. "Kutwa nzima niliona. Nikajiambia limeanguka. La pili nikasema ni beseni. Nguzo nikasema labda huko nao wanazo za mti." Akaweka kidole pale pale dada alipokuwa ameweka chake. "Nilikuwa nimekwisha amua. Huyu alinishika mkono, akanipeleka, na mimi nikawa natafuta vitu vya kukubaliana naye."

"Ni mimi niliyekata vibaya."

"Wewe ulikata ulivyofundishwa. Na aliyekufundisha ni nani?" Alivua miwani. Macho yake bila miwani yalikuwa madogo, yamechoka. "Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Sisi tumeliwa na nguo ya mwenzetu. Mimi, mdogo wangu! Mimi ninayeulizwa natoka wapi kwenye duka la mkate!"

Walikwenda kwa Mkuu pamoja. Darubini aligonga, lakini aliyeongea alikuwa Mfunikaji, na sauti yake ilikuwa ndogo hata Mkuu akaacha kuandika ili amsikie.

"Barua isiende, mama."

"Ati nini?"

"Kijana hayuko ng'ambo. Amevishwa. Tumemfuata aliyemvisha."

Mkuu aliwasikiliza. Mwanzoni alikuwa na mkunjo wa uso wa mtu anayecheleweshwa, kisha mkunjo ukabaki, sababu ikabadilika.

"Na yule mweupe wa getini?" aliuliza.

Darubini alisimama mbele ya meza yake, mikono nyuma, akimtazama tu. Mkuu alimtazama naye, na ikaonekana kwamba anamwona sasa hivi, baada ya miaka yote ya kufanya kazi chumba kwa chumba. Alichukua barua, akaichana mara mbili.

"Nitafutieni mtaa," alisema.

Kilima ndicho kilichowachelewesha. Kilikuwa na pengo upande mmoja, kama jino lililong'oka, na hakuna aliyekikumbuka. Walijaribu vilima vya wilaya hii na ile kwenye ramani za satelaiti, wakavigeuza, wakavitazama kwa pembe zote. Ni Mfunikaji aliyesema, kwa aibu, kwamba huenda ni kilima cha machimbo ya kokoto, kile kinachoonekana kutoka barabara kuu, ila kimetazamwa kutoka mgongoni. Darubini alikizungusha. Pengo likaja mahali pake, taratibu, likakaa juu ya mstari wa picha kama mfuniko juu ya sufuria.

Chini ya kilima, upande ambao barabara kuu haipiti, palikuwa na maghala ya zamani. Kando ya moja kulikuwa na kivuli cha mnara wa tangi. Umbali kati ya mnara na nguzo ulilingana, mapaa mawili yakawa mahali pake. Kutoka dirisha la ofisi mpaka pale, kwa gari, mtu asingemaliza hata kusimulia kisa kimoja.

Wakati wote ule Mfunikaji alipokuwa akiliona umbo kwenye basi na nyuma ya mlango, kijana mwenyewe alikuwa nyuma ya kilima.

Inspekta wa polisi alipewa kila kitu Ijumaa asubuhi. Alitaka kuletewa uthibitisho, Darubini akampa, hatua kwa hatua, akisema pia wasichokijua. Askari waliingia mchana. Wakala alikamatwa kwake, akiwa anaosha lile gari la Jumamosi. Yule mweupe mwenye ndevu alikutwa pia: fundi bomba, mzaliwa wa mtaa wa jirani, aliyekuwa ameitwa kuziba tangi siku ile na kuingia kwenye picha bila kujua. Alipoulizwa ametoka wapi, alisema, "Kazini," akakasirika.

Ndani ya ghala lilikutwa joho moja tu. Lilining'inia kwenye msumari, mgongoni limejaa pini, ili liweze kumtosha yeyote. Kila mmoja wa vijana wanne waliokutwa humo alikuwa amevishwa, akapigwa picha, akavuliwa, akarudishwa kuponda kokoto.

Mfunikaji alifika na dada mtu jioni, jua bado lipo. Kijana alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kituo cha afya, amefunikwa shuka. Alikuwa amekonda. Dada alimkimbilia, akapiga magoti, akamshika uso kwa mikono miwili, akawa anaugeuza huku na huku kama asiyeamini kwamba una pande zote.

"Mwanangu," alisema, ingawa alikuwa mdogo wake. "Mwanangu, mwanangu."

Mfunikaji alisimama kando. Alitaka kuondoka, lakini kijana alimwona.

"Huyu ni wa ofisi," dada akasema. "Ndiye aliyekuona."

Kijana alimtazama sana. "Wa lile tangazo?"

"Ndiyo," Mfunikaji alisema.

"Walitusomea." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Walileta karatasi, wakatusomea. 'Anaaminika yuko ng'ambo.' Walicheka mpaka wakakaa chini. Wakasema, sasa hata wanaowatafuta wamewasaidia kuondoka. Hakuna atakayepita hapa. Siku hiyo hata kufunga mlango hawakufunga. Hatukutoka. Tungetoka twende wapi, na nyumbani wanaamini tumeshavuka bahari?"

"Samahani," Mfunikaji alisema, na safari hii ilitoka kwa sauti.

Kijana alitikisa kichwa. Ikawa haijulikani kama amekubali au amekataa.

"Mmeona tuko wangapi?" aliuliza.

"Wanne."

"Tulikuwa watano. Rafiki yangu mmoja, niliyeondoka naye, alihamishwa baada ya tangazo. Walisema ua huu umeshaonekana kwenye picha ya tangazo, na yeye alikuwa bado hajapigwa yake, basi apigwe kwingine. Wakatuonyesha picha yake ya huko kwenye simu, amevaa joho lingine, jipya. Kisha wakaifuta."

Dada aliacha kumpapasa. Mfunikaji alichuchumaa, macho yao yakawa sawa.

"Kaka, nisikilize. Nyuma yake palikuwa na nini? Ukuta wa namna gani? Paa, nguzo, mti, chochote. Hata udongo chini ya miguu yake."

Kijana alifumba macho. Kope zilicheza, midomo ikijaribu. Machozi yakapenya bila yeye kufumbua.

"Sikuangalia," alisema. "Nilimwangalia yeye. Ndugu yako amesimama mbele yako, nani anaangalia ukuta?"